Kupiga dawa ya mende nyumba zote kwa siku moja: wapangaji wajiandae vipi, na wakae nje kwa muda gani

Swali ambalo wapangaji huniuliza kabla ya mengine yote ni hili: "Mama, tutoke saa ngapi, na turudi saa ngapi?" Zamani nilikuwa najibu kwa mazoea. Mara masaa mawili, mara manne, kutegemea fundi wa dawa alivyoniambia kwenye simu. Siku hizi sitaji saa yoyote mpaka fundi anijibu mambo matatu: dawa gani inapigwa, inapigwa kwa njia gani, na nyumba ya mwisho itakamilika saa ngapi. Bila majibu hayo, muda nitakaowapa watu ni wa kubahatisha, na hao ninaobahatisha nao wana watoto wanaotambaa sakafuni.

Jengo langu lina nyumba nane, nne chini na nne juu. Mende walianzia namba 3. Mpangaji alilalamika, nikamleta fundi, akapuliza dawa humo ndani tu, akaondoka. Wiki ya kwanza mpangaji wa namba 3 alinishukuru. Wiki ya pili namba 4, ambaye hakuwahi kuona mende tangu ahamie, akanipigia simu. Wiki ya tatu akalalamika wa namba 7, aliye juu kabisa ya namba 3. Nilidhani ni bahati mbaya. Haikuwa bahati mbaya hata kidogo. Mimi mwenyewe ndiye niliyewahamisha.

Mende anayesumbua majengo ya kupanga kwa kawaida ni yule mdogo wa kahawia, mwenye urefu wa milimita 12 hadi 15, na mistari miwili myeusi iliyolala nyuma ya kichwa. Anapenda penye joto, maji na nafasi finyu: nyuma ya friji, chini ya sinki, ndani ya bawaba za kabati. Haruki kama yule mkubwa wa kwenye makaro, lakini anajua kupita. Ukiinama chini ya sinki la jikoni na kurunzi utaona pale bomba linapoingia ukutani pana tundu kubwa kuliko bomba lenyewe. Upande wa pili wa ukuta kuna sinki la jirani, na bomba la maji machafu linapanda moja kwa moja hadi ghorofa ya juu. Kwa mende huo ni ukumbi wa jengo zima.

Dawa nyingi za kupuliza majumbani ni za jamii ya piretroidi. Hizi huua, lakini pia humchokonoa mdudu kabla ya kumuua, naye hukimbia mahali penye dawa. Mende wa namba 3 aliyeguswa na dawa kidogo, isiyotosha kumuua, alipita kwenye tundu la bomba akaenda kutafuta makazi kwa jirani. Ndiyo maana dawa ya nyumba moja katika jengo lenye mabomba ya pamoja mara nyingi hutawanya tatizo badala ya kulimaliza. Nyumba zote zifanyiwe kazi siku moja, zikiwemo zile ambazo wenyewe wanaapa kwamba hawajawahi kuona mende. Kwao labda inatosha kuwekewa mitego ya gundi na jeli kidogo, lakini fundi lazima aingie aangalie.

Si kila "kufukiza" ni kufukiza

Mkanganyiko mkubwa wa muda wa kukaa nje unaanzia kwenye neno. Watu wengi huita kazi yoyote ya kuua wadudu kufukiza, kumbe ndani ya neno hilo moja kuna kazi ambazo hazifanani kabisa, na kila moja ina muda wake.

Ya kwanza ni jeli. Ni chambo chenye sumu ndani yake, kinachowekwa kwa bomba dogo kama la sindano, matone yenye ukubwa wa punje ya mchele, ndani ya bawaba, kwenye kona za kabati na nyuma ya jiko. Mende anakula, anarudi mafichoni, anafia huko. Wenzake wanakula kinyesi chake na mzoga wake, nao wanakufa. Jeli haipulizwi hewani, kwa hiyo hakuna anayelazimika kutoka nje kwa ajili yake. Kinachotakiwa ni kuiweka pale ambapo mkono wa mtoto au ulimi wa mnyama haufiki. Kwa mende wadogo wa jikoni, jeli ikiwekwa vizuri hufanya kazi kubwa kuliko dawa ya kupuliza, na ningependa wenye nyumba wengi zaidi walijue hili, maana harufu kali ya dawa huwafanya watu waamini kazi imefanyika hata pale ambapo haijafanyika.

Ya pili ni dawa ya maji inayopulizwa kwenye nyufa na pembezoni mwa sakafu, pale ukuta unapokutana nayo. Hii ndiyo inayowatoa watu nje. Fundi huchanganya dawa na maji kwenye pampu, anapita na bomba lake chini chini, na dawa inabaki juu ya ukuta ikiendelea kuua kwa wiki kadhaa. Hapa kanuni ni kukauka. Dawa ikiwa mbichi hushika kwa urahisi kwenye nyayo, viganja na nguo, na vitone vidogo bado vinaelea hewani. Maji yakishakauka, dawa hushikana na ukuta, na kiasi kinachoweza kuhamia kwenye ngozi hupungua sana. Ndiyo maana lebo za dawa hizi kwa kawaida huagiza watu na wanyama wasiingie mpaka dawa ikauke. Katika chumba kinachopitisha hewa hilo huchukua kama masaa mawili hadi manne. Siku yenye unyevunyevu mwingi, au chumba kisicho na dirisha, huchukua zaidi.

Ya tatu ni ukungu, ile mashine inayotoa moshi mweupe unaojaza chumba. Vitone vyake ni vidogo sana, hukaa hewani muda mrefu, kisha hutua juu ya kila kitu: meza, mto, sufuria. Unaonekana wa maana kwa macho lakini hauingii ndani ya nyufa wanakolala mende, na kwa kuwa piretroidi huwachokonoa, huwakimbiza. Isitoshe, baadhi ya makopo ya ukungu yana gesi inayoshika moto, na kiberiti kimoja au mwali mdogo wa jiko la gesi umewahi kulipua nyumba. Mimi siukubali kwa kazi ya mende.

Ya nne ndiyo kufukiza kwenyewe: gesi yenye sumu inayojazwa ndani ya jengo lililofunikwa turubai kabisa. Kazi hii hufanywa zaidi kwa wadudu wanaotafuna mbao, si kwa mende. Watu hutoka kwa siku mbili au tatu, na hawarudi kwa kuangalia saa, bali kwa kipimo: mwenye kazi anapima hewa kwa chombo na kutoa ruhusa kwa maandishi. Fundi akikuambia "nafukiza" halafu akasema mrudi baada ya masaa mawili, ama hafukizi, ama hajui anachofanya.

Nina onyo moja ambalo sitalipitia haraka. Kuna vidonge vya aluminiamu fosfaidi, vilivyotengenezwa kwa ajili ya nafaka ghalani. Vikikutana na unyevunyevu hutoa gesi ya fosfini. Wapo mafundi wanaoviweka chumbani kuua kunguni au mende kwa sababu ni rahisi kupatikana. Gesi hiyo hupita kwenye nyufa na matundu yale yale ya mabomba, na imeshaua watu waliolala chumba cha jirani, ambao hata hawakujua kwamba kuna dawa imewekwa. Hakuna idadi ya masaa ya kukaa nje inayofanya vidonge hivyo vifae nyumbani. Fundi akivitoa mfukoni, mwambie aondoke navyo.

Na kanuni ya kukauka ina mpaka wake. Inafaa kwa dawa zinazobaki ukutani. Haifai kwa dawa kama diklorovosi, ambayo yenyewe hugeuka mvuke na kuendelea kujaza hewa ya chumba hata ukuta ukiwa mkavu. Kwa hiyo swali la kwanza kwa fundi ni jina la dawa na kiambato chake, kisha unaomba kuona lebo. Kama dawa imehamishiwa kwenye chupa ya soda isiyo na lebo, hakuna kazi siku hiyo.

Jinsi ninavyopanga saa

Safari niliyofanya kazi vizuri, mimi na fundi mpya tulikubaliana hivi: jeli jikoni kwa nyumba zote, dawa ya unga ndani ya matundu ya mabomba na kuzunguka soketi (maji hayapulizwi karibu na umeme), na dawa ya maji ya piretroidi iliyochanganywa na dawa ya kuzuia watoto wa mende wasikomae, ikipulizwa pembezoni tu. Jeli na dawa ya kupuliza haziwekwi mahali pamoja, kwa sababu chambo chenye harufu ya dawa mende hakigusi. Lebo ilisema watu wasirudi mpaka dawa ikauke na chumba kipitishe hewa. Tukaamua kila nyumba ifungwe masaa matatu, kisha madirisha yafunguliwe saa moja nzima kabla mtu hajaingia kukaa. Jumla masaa manne.

Lakini masaa manne kuanzia lini? Hapo ndipo wenye nyumba wengi tunapokosea. Fundi alihitaji dakika 35 kwa kila nyumba. Alianza saa 3:00 asubuhi, kwa hiyo nyumba ya kwanza ilikamilika saa 3:35, ya pili saa 4:10, na kuendelea hivyo mpaka ya nane, iliyokamilika saa 7:40 mchana. Baada yake akafanya ngazi, korido na sehemu ya takataka, akamaliza saa 8:00. Muda wa jengo zima unahesabiwa kuanzia hapo, kwa sababu hakuna awezaye kufika nyumbani kwake bila kukanyaga korido. Saa 8:00 ukiongeza masaa manne unapata saa 12:00 jioni. Hiyo ndiyo saa niliyowapa wote, hata yule ambaye nyumba yake ilikuwa kavu tangu mchana.

Utaratibu wa kupanga nani aanze nao una faida yake. Namba 2 walikuwa na mtoto wa miezi saba na namba 5 kulikuwa na mama mjamzito. Nikamwomba fundi aanze na hizo mbili. Walipofika nyumbani saa 12:00, nyumba zao zilikuwa zimeshapata takribani masaa manane, mengi yakiwa na madirisha wazi, bila mimi kumwongezea mtu yeyote usumbufu. Mwenye pumu namba 8 alipendelea kulala kwa dada yake usiku huo, na nilimuunga mkono. Kwa wachanga, wajawazito, wazee dhaifu na wenye pumu, mimi husema wasilale humo usiku wa kwanza ikiwezekana, au angalau warudi wa mwisho, baada ya sehemu zote kufutwa.

Jambo jingine ni lugha ya tangazo. Awamu ya mwanzo niliandika "msirudi kabla ya saa nne kupita". Mpangaji mmoja alielewa saa nne ya asubuhi. Fundi alikuwa ndani ya nyumba ya tatu wakati mama huyo anafungua mlango wake na kumweka mwanawe sakafuni, sakafu ikimetameta kwa dawa mbichi. Tulimtoa mtoto mara moja, tukamwosha miguu na mikono kwa maji na sabuni, tukambadilisha nguo, na hakupata madhara. Kosa lilikuwa langu. Tangu siku hiyo siandiki muda, naandika saa na sehemu ya siku: "Tokeni kabla ya saa 2:45 asubuhi. Msiingie kabla ya saa 12:00 jioni." Na kwenye mlango wa kila nyumba iliyopigwa dawa hubandikwa karatasi yenye saa ya kukamilika.

Kabla ya kuruhusu watu, mimi na fundi tunapita na kuangalia, tukiwa na glavu na viatu vilivyofunikwa. Nachukua karatasi laini, naibonyeza pembezoni nyuma ya mlango wa bafu, mahali ambapo hewa ni hafifu kuliko kwingine. Ikitoka na unyevu, nyumba hiyo haijawa tayari, hata kama sebule imekauka kama mfupa. Pua haitoshi kwa kazi hii. Ziko dawa zisizo na harufu kabisa, na ziko zenye harufu inayobaki siku mbili ilhali dawa yenyewe imeshakauka zamani.

Maandalizi, na sababu zake

Tangazo natoa siku saba kabla, na nakumbusha siku moja kabla. Siku saba si nyingi. Kuna mtu wa kuomba ruhusa kazini, kuna wa kutafuta mahali pa kupeleka paka. Ndani ya tangazo naeleza sababu ya kila ninachoomba, maana nimeona mtu akiambiwa "toa vyombo kabatini" bila sababu, anatoa vya mbele na kuacha vya nyuma, na mende wako nyuma.

Jikoni ndiko kwenye kazi. Kabati zote zinatolewa vitu, hasa ya chini ya sinki, kwa sababu fundi anahitaji kufikia bawaba na kona za ndani. Vyakula na vyombo vinaingia kwenye mifuko ya plastiki inayofungwa au ndoo zenye vifuniko, na vinawekwa katikati ya meza au kitandani vikiwa vimefunikwa shuka. Friji na jiko vinavutwa kama sentimita 30 kutoka ukutani. Gesi inafungwa kwenye mtungi. Halafu mafuta yaliyoganda nyuma ya jiko yanasuguliwa kwa sabuni na kukaushwa. Usafi huu lazima ufanyike kabla ya dawa, kwa sababu mbili. Dawa haishiki juu ya mafuta, na mende aliyezungukwa na mafuta hana haja ya kula jeli. Sababu nyingine nitaieleza nikifika kwenye kurudi nyumbani: baada ya dawa kuna sehemu ambazo hutaruhusiwa kusafisha.

Maboksi ya karatasi yaliyorundikwa yatolewe nje yatupwe; mende hutaga na kulala kwenye mikunjo yake. Bomba linalovuja chini ya sinki mniambie mapema, nalitengeneza kabla ya siku hiyo, kwa kuwa maji ya matone yanamtosha mende kuishi hata ukimnyima chakula.

Ombi ambalo watu hulivunja zaidi ni hili: msipulize dawa ya kopo wiki moja kabla. Mtu anaona aibu fundi akute mende wengi, kwa hiyo anawahi kupuliza usiku wa kuamkia siku yenyewe. Matokeo yake mende wanakimbilia ndani zaidi ya kuta, na sehemu ambazo fundi angeweka jeli zinanuka dawa. Namba 1 alifanya hivyo. Fundi alipofungua kabati yake harufu ilimpokea mlangoni, akalazimika kuweka jeli sehemu chache tu na kurudi baadaye. Hakuna aibu katika kuwa na mende kwenye jengo lenye mabomba ya pamoja. Ningependa wapangaji wangu waniamini katika hili.

Vyumbani kazi ni ndogo kwa mende: vitu viondolewe pembezoni mwa kuta, vifaa vya kuchezea vya watoto, miswaki na nguo za mtoto viwekwe kwenye mfuko uliofungwa. Kama tatizo lingekuwa kunguni, mzigo ungehamia huku. Matandiko na nguo zingefuliwa kwa maji ya nyuzijoto 60 au kuzungushwa kwenye mashine ya kukaushia yenye joto kali kwa nusu saa, vitanda vingefunguliwa fremu, na ziara ya pili ingekuja mapema zaidi, baada ya siku 10 hadi 14, kwa kuwa mayai ya kunguni huanguliwa haraka.

Wanyama wanatoka wote. Paka huumizwa na piretroidi kuliko mbwa, kwa kuwa mwili wake hauivunji dawa hiyo vizuri, na yeye hujilamba manyoya. Samaki ndio dhaifu kuliko wote. Tone dogo la piretroidi likiingia majini linawamaliza. Kama tangi ni dogo lihamishwe. Kama haliwezekani kuhamishwa, lifunikwe kwa plastiki na shuka lililoloweshwa, na pampu ya hewa izimwe wakati wa kupuliza, kwani pampu huvuta hewa ya chumba na kuiingiza majini. Baada ya chumba kupata hewa safi ifunguliwe na kuwashwa mara moja, samaki wasije wakakosa pumzi.

Mkirudi

Anayetangulia ni mtu mzima mmoja. Anafungua madirisha yaliyofungwa, anafuta kwa maji ya sabuni meza ya kulia, kaunta ya jikoni na sehemu nyingine zote ambazo chakula au mikono ya watoto itagusa, anaosha chombo chochote kilichosahaulika wazi. Watoto wanaingia baada ya hapo.

Kisha inakuja ile sababu niliyoiahidi. Katikati ya sakafu mnaweza kudeki kama kawaida, lakini pembezoni, upana wa kiganja kutoka ukutani, msipitishe maji kwa wiki mbili. Ndipo dawa ilipo. Mtu mwenye bidii anayedeki hadi konani usiku ule ule anaifuta dawa na kuimwaga kwenye ndoo. Vivyo hivyo matone ya jeli: yanafanana na uchafu, na mikono inawasha kuyabandua. Yaacheni.

Siku za kwanza mtaona mende wengi kuliko kawaida, tena mchana, wakitembea kama walevi au wamelala chali. Simu hunifikia nyingi siku ya pili na ya tatu: "Mama, dawa imewaongeza!" Hapana, imewatoa. Hali hiyo huendelea kwa wiki moja hadi mbili na idadi inapaswa kushuka. Ukiona baada ya wiki mbili mende wazima wanakimbia kwa kasi ile ile, hapo nipigie, kwani ama kuna mahali pamerukwa, ama dawa haiwawezi. Mende hawa wamejenga usugu dhidi ya piretroidi sehemu nyingi duniani.

Mtu akipata kichwa kuuma, kichefuchefu, kikohozi au kuwashwa koo baada ya kurudi, atoke nje apate hewa safi na asirudi ndani kusubiri ipite. Dawa ikigusa ngozi, sabuni na maji mengi; ikiingia machoni, maji safi kwa dakika 15 hadi 20. Aende hospitali akiwa na jina la dawa na kiambato chake. Kwa sababu hiyo tangazo langu lina jina la dawa, kiambato, na namba ya fundi, na kila mpangaji hulipiga picha. Daktari anayejua ni dawa gani ana pa kuanzia.

Ziara ya pili si hiari. Mende jike hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40 nyuma ya tumbo lake na kukiachia karibu na wakati wa kuanguliwa. Kifuko hicho ni kigumu na dawa haipenyi. Mama anakufa, mayai yanabaki hai, na ndani ya wiki chache sakafu ina watoto wadogo weusi wenye ukubwa wa punje ya ufuta. Fundi akirudi baada ya wiki tatu anawakuta hao kabla hawajakomaa na kubeba vifuko vyao. Safari hii mara nyingi inakuwa ya jeli tu, hivyo watu hawatoki hata kidogo, wanafungua mlango na kutoa vitu kabatini.

Kati ya ziara hizo naacha mitego ya gundi, miwili kila jikoni, mmoja chini ya sinki na mmoja nyuma ya friji, na nahesabu kila wiki. Katika ile awamu ya mwanzo, nyumba saba zilishuka taratibu. Namba 6 haikushuka, na namba 5 jirani yake ikashuka halafu ikapanda tena. Mpangaji wa namba 6 siku ya dawa alikuwa safarini, hakuacha ufunguo, na mimi nilimwambia fundi airuke, nikisema ni nyumba moja tu kati ya nane.

Aliporudi tulikaa naye, nikamweleza nilichokiona kwenye mitego ya jirani yake. Alifungua kabati ya chini ya sinki, tukamulika kurunzi. Kwenye tundu la bomba kuelekea namba 5, ukingo wote ulikuwa na madoadoa meusi kama unga wa pilipili manga, kinyesi cha mende wanaoingia na kutoka. Fundi alijaza unga mle ndani, akaweka jeli pande zote mbili za ukuta siku hiyo hiyo, kisha tukaziba matundu ya mabomba ya nyumba zote nane kwa saruji na silikoni. Sasa funguo za akiba, au jina la mtu atakayefungua, naziomba siku ile ile ninayotoa tangazo, na fundi haanzi nyumba ya kwanza mpaka niwe na zote nane mkononi.